Kuku 300, tenda za hoteli, au friza za mabucha?

*Shikamoo mama. Nina miaka 34, ni fundi wa viyoyozi na majokofu kwenye kampuni moja hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa. Mshahara mkononi ni 780,000. Nina akiba ya 7,200,000, mke na watoto wawili, tumepanga Mbagala. Nataka kuacha kazi mwisho wa Desemba. Shemeji ana eneo Chanika, tumewaza kuanza na kuku wa nyama 300, maana kuku kila mtu anakula. Wazo la pili ni kufungua karakana yangu nichukue tenda za hoteli, kwa sababu mameneja wengi wananifahamu. Jioni huwa natengeneza friza za mabucha ya mtaani, ila hiyo ni hela ya sabuni tu. Nichague lipi?*

Marahaba, mwanangu. Unasema una mawazo mawili, lakini mimi nimehesabu matatu, na hilo la tatu umelitaja kama jambo la kupitia tu. Tutalifikia. Kwanza tuyaweke yote mbele ya vitu vitatu ulivyonavyo: kazi unayoijua, fedha uliyoweka, na watu unaowajua. Wengi huvitazama kimoja kimoja. Wanasema ujuzi upo, mtaji upo, watu wapo, basi twende. Tatizo ni kwamba vitu hivi huvutana. Mteja mkubwa unayemjua anaweza kuwa ndiye anayemaliza akiba yako, na ujuzi ulionao unaweza usiwe ule ambao mteja huyo anaununua.

Tuanze na kuku, maana hao ni wepesi kuwajibu. Sina neno na kuku, nawajua watu wanaoishi vizuri kwa kuku. Lakini kuku wa nyama ana tarehe. Akifika siku ya 35 awe amekwenda, kwa sababu kuanzia hapo anakula sana kuliko anavyokuongezea bei. Kuku 300 wa umri huo wanamaliza karibu mfuko mmoja wa chakula wa kilo 50 kwa siku. Mnunuzi akikwambia "njoo Jumatatu" wakati leo ni Alhamisi, umeshapoteza mifuko minne, na faida ya kundi zima ilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo biashara ya kuku wa nyama haianzii kwenye banda. Inaanza kwa mtu wa chipsi, mama lishe au dalali wa kuku sokoni ambaye ameshakuahidi kuchukua kuku wangapi na siku gani. Katika barua yako yote hakuna hata mmoja wa hao. Kuna shemeji mwenye eneo, na eneo si mnunuzi. Kusema "kila mtu anakula kuku" maana yake bado hujajua nani atamla kuku wako.

Na ujuzi? Hujawahi kulea kundi hata moja. Chanjo ya kideri na gumboro zina siku zake, na vifaranga wakipata baridi wiki ya kwanza hasara utaiona wiki ya nne. Unaweza kujifunza, ndiyo, lakini utajifunza kwa akiba ya miaka tisa huku umeacha mshahara. Shemeji akitaka, aanze yeye na kuku 50, wewe umchangie kidogo ukiwa bado kazini. Hapo mtajifunza wote kwa bei nafuu.

Sasa hoteli. Hapa ndipo ulipoweka moyo wako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unasema mameneja wanakufahamu. Nakuamini. Lakini jiulize wanapokupigia simu huwa wanapiga namba ya nani. Wakipiga ofisini kwenu na ofisi ndiyo inayokutuma wewe, basi wanaifahamu kampuni, na wewe ni sura ya kampuni hiyo. Wakikupigia wewe moja kwa moja, usiku, kwa sababu chumba cha mgeni hakipoi, hapo kidogo pana kitu. Hata hivyo meneja anayekupigia usiku siye anayelipa. Anayelipa ni mhasibu, na kabla yake kuna mtu wa manunuzi, naye atataka jina la biashara lililosajiliwa, TIN, leseni, oda ya maandishi na risiti ya EFD. Kama hujawahi kuongea na mhasibu wa hoteli yoyote, mtandao wako umeishia nusu ya njia.

Kisha ujuzi wenyewe. Chukua daftari uandike kazi kubwa tano za mwisho ulizofanya hotelini. Mbele ya kila moja jibu: nani alikwenda kukagua na kupanga bei? Nani alinunua spea, na kwa mkopo wa jina la nani? Nani alidai malipo? Nadhani utakuta wewe uligundua tatizo, ukaifunga kazi kwa jasho lako, lakini bei iliandikwa na mtu wa ofisini na deni likadaiwa na mtu mwingine. Hizo sehemu tatu ndizo biashara ya hoteli. Ufundi ndio unaobaki, na ufundi wenyewe wanaweza kumwajiri mtu kama wewe, kama ilivyo sasa.

Lakini hata tuseme unayaweza yote, bado akiba yako inakataa. Twende kwa mfano. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, badilisha uweke unazozijua. Hoteli inakupa kazi ya kusafisha viyoyozi vyote na kubadilisha kompresa kadhaa, kwa jumla 3,400,000. Spea, gesi na bomba za shaba zinakula 1,700,000. Vijana wawili na usafiri 300,000. Unabaki na 1,400,000, karibu mara mbili ya mshahara wako, nawe unafurahi. Ila hiyo 2,000,000 imetoka mfukoni mwako mwezi wa kwanza, na hoteli inalipa siku 60 baada ya kupokea ankara, ikiwa inalipa haraka. Mwezi wa pili hoteli nyingine inakupa kazi ya ukubwa huo huo. Hutaikataa. Ikatoka 2,000,000 nyingine. Nyumbani, tukadirie mnatumia 650,000 kwa mwezi, hivyo kwa miezi miwili ni 1,300,000. Vifaa vyako vya kuanzia, pampu ya vakyumu, geji, mizani ya gesi, klampu mita na mtungi wa kuchomelea, weka 1,600,000.

Jumlisha: ni 6,900,000, na hujalipa chumba cha karakana. Mwenye nyumba wa Dar akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 150,000 kwa mwezi, umeshavuka akiba yako. Hapo una kazi mbili zilizokwisha vizuri, wateja wameridhika, kwenye karatasi una faida ya 2,800,000, na huna nauli ya kwenda kudai. Fedha ikija, hoteli inaweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Si hasara, inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka, lakini siku ile haimo mkononi. Nimeona mafundi wazuri sana wakirudi kuomba ajira katika hali hii hii, na majirani wakasema "biashara ilimshinda". Kazi aliiweza. Alichokikosa ni fedha ya kungojea.

Ndiyo maana nasema usipime mtandao kwa idadi ya watu au ukubwa wao. Uupime kwa swali moja: huyu ninayemjua analipa baada ya siku ngapi? Jibu hilo ndilo linalokwambia unahitaji akiba kiasi gani.

Haya, sasa hela ya sabuni.

Mwenye bucha friza yake ikikataa saa kumi jioni ana nyama ndani. Hawezi kungojea hadi kesho, na hawezi kukulipa baada ya siku 60, kwa sababu naye anajua kwamba kesho kutwa atakuhitaji tena. Anakulipa pale pale, kwa simu au kwa noti. Anakupigia wewe, si kampuni. Bei unapanga mwenyewe, spea unanunua mwenyewe, deni unadai mwenyewe. Ukitazama vizuri, zile sehemu tatu nilizosema hujawahi kuzifanya hotelini, huku mtaani umekuwa ukizifanya kila jioni. Hapa ujuzi, akiba na watu havivutani.

Umeiona ndogo kwa sababu unaifanya kwa muda uliobaki baada ya kazi. Tuihesabu kama kazi ya kutwa. Tuseme friza imevuja: unatafuta panapovuja, unaziba, unabadilisha filta, unavuta vakyumu, unajaza gesi kwa mizani. Unatoza 130,000. Vifaa na nauli vinakula 50,000, unabaki na 80,000. Nyumbani 650,000, weka 150,000 ya simu, usafiri wa ziada na uchakavu wa vifaa, jumla 800,000. Unahitaji kazi kumi za namna hiyo kwa mwezi ili uishi kama unavyoishi sasa, yaani mbili au tatu kwa wiki. Muda wako unatosha kabisa.

Swali ni zitatoka wapi. Friza ya bucha moja haiharibiki kila mwezi. Tukisema kila mteja anakuita mara mbili kwa mwaka, kazi kumi kwa mwezi ni 120 kwa mwaka, hivyo unahitaji wateja 60. Wewe umeandika "mabucha ya mtaani", nami nakisia ni sita au saba. Hapo ndipo pengo lako lilipo, na ni pengo la watu. Kuliongezea fedha hakulizibi. Usinunue mashine wala usilipie karakana ili kutatua tatizo la kutojulikana.

Bahati yako ni kwamba wenye mabucha wanajuana. Wengi wanakutana alfajiri machinjioni Vingunguti, wanapeana habari za ng'ombe, za madeni na za mafundi. Kila mteja uliye naye sasa, muombe akutajie wenzake wawili, uwapigie kwa jina lake. Usingoje friza iharibike. Nenda na ofa ya kusafisha: kondensa ya friza ya bucha inajaa vumbi na mafuta, kompresa inachemka na kufa kabla ya wakati wake, na umeme unaopanda na kushuka humalizia. Kwa 15,000 kwa mwezi unapita, unasafisha, unapima ampea, unaangalia mpira wa mlango na kifaa cha kulinda umeme. Mabucha 25 yakikubali ni 375,000 kila mwezi, zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumbani kwako, kabla hujachomelea bomba hata moja. Na si lazima yawe mabucha tu. Maduka ya samaki na wauza juisi wana haraka ile ile.

Kabla hujachangamka, kuna jambo la ujuzi ambalo ajira imekuficha. Unajua ni kazi ngapi kati ya ulizofanya zilirudi ndani ya mwezi mmoja? Kampuni inajua, kwa sababu ndiyo iliyolipa gesi ya mara ya pili. Kwako, kila kazi inayorudi inakula kazi mbili: 50,000 ya vifaa tena, na siku ambayo hukutoza mtu. Kama kazi tatu katika kumi zinarudi, hesabu yetu ya juu imekufa. Sababu unazijua kuliko mimi: kujaza gesi bila kuziba panapovuja, kuruka vakyumu kwa sababu mteja ana haraka, kuacha filta ya zamani, kufunga kompresa ya mtumba na kuitolea dhamana kama mpya. Mteja wa bucha atakusukuma ufanye hayo yote kwa kuwa nyama inangoja. Jifunze kumwambia ahamishe nyama kwa jirani kwa saa tatu.

Jikague pia kwenye gesi. Kama mkono wako umezoea R22, ujue inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha karibu matumizi yote ifikapo 2030. Friji na friza ndogo mpya nyingi zinakuja na R600a. Hiyo inawaka moto, inajazwa kwa gramu chache, na huwezi kukadiria kwa geji peke yake, wala hutakiwi kuwasha moto wa kuchomelea bila kuitoa yote na kupitisha hewa. Kama hujawahi kuishika ukiwa na mtu anayeijua, tafuta kozi fupi, anzia kuulizia VETA, ukiwa bado unapokea mshahara.

Sasa igawe akiba. Tenga miezi minne ya nyumbani, 2,600,000, uiweke akaunti ambayo mama watoto anaiona na wewe huigusi. Vifaa 1,600,000, na kama tayari una baadhi, punguza. Usajili wa jina BRELA, leseni ya halmashauri na mambo madogo, 300,000. TIN haulipii, na ukienda TRA waulize hapo hapo kazi yako inaingia katika utaratibu gani wa kodi. Karakana usikodi. Fundi wa friza za mabucha anafuata friza ilipo, karakana ni kwa ajili ya kuonekana. Kinachobaki ni 2,700,000, na hiyo ndiyo fedha ya kuzunguka. Weka sharti kwamba mteja mmoja asishike zaidi ya theluthi yake, yaani 900,000, kwa wakati mmoja. Hoteli ikija na kazi kubwa, ichukue pale tu watakapotanguliza fedha ya spea. Wakikataa, mpe fundi mwenzako mwenye kifua hicho, mkubaliane atakupa nini.

Katika hesabu hiyo sikuweka NSSF, na wewe usiiweke. Fao la upotevu wa ajira halitolewi kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Vivyo hivyo kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Mtu akikwambia utatoka na kitita, muulize kipo kwenye kifungu gani cha mkataba wako. Wewe ndiye mwenye wajibu wa kutoa notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba wako unataka zaidi.

Kuna mtaji mmoja usioonekana kwenye akaunti, nao ni muuza spea. Kama yuko mtu Kariakoo anayeweza kukupa kompresa leo ukamlipa Ijumaa, huyo ana thamani sawa na laki kadhaa za akiba. Lakini hakikisha anakupa wewe. Wengi wanakopesha kwa sababu wanajua kampuni ipo nyuma yako. Mjaribu: mwambie waziwazi kwamba bidhaa hii ni ya kazi yako binafsi, uone kama uso utabadilika. Anza na kitu kidogo, ulipe siku moja kabla ya ahadi.

Tarehe yako ya mwisho wa Desemba ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar inachemka, simu za mafundi hazilali, na mtu akiacha kazi wakati huo anadhani amepatia. Kisha unakuja Juni, hewa inapoa, viyoyozi vinazimwa, na hesabu zake zinalala navyo. Friza ya bucha inafanya kazi mwaka mzima, hilo ni jambo jema kwako, ila hata zenyewe hulalamika zaidi wakati wa joto. Kwa hiyo usipime biashara yako kwa miezi ya joto. Endelea na kazi, fanya za jioni na Jumamosi kwa daftari: tarehe, mteja, nani alimleta, nilitoza, nilitumia, alilipa lini, ilirudi au haikurudi. Ukifika Juni au Julai, na jioni peke yake zinakupa kazi tano kwa mwezi zisizorudi, na orodha yako ina watu zaidi ya 40 wenye namba zako, andika notisi. Utatoka kipindi kigumu, na joto litakukuta tayari. Ukifika hapo una watu 15 tu, baki kazini, mshahara unaendelea kuilipa nyumba wakati unatafuta wengine.

Usiwafuate wateja wa kampuni ukiwa bado unalipwa nayo. Soma mkataba wako, huenda kuna kifungu kinachokukataza hata baada ya kutoka, na huenda kinagusa pia hizo kazi za jioni, kwa hiyo usizifanye kwa vifaa vyao. Mabucha ni salama kwako hasa kwa sababu kampuni yenu haiyahitaji. Siku ya kutoa notisi, mwambie bosi kwamba kazi zinapowazidi wakati wa joto unaweza kuzichukua kwa malipo ya kazi, spea zikiwa zao. Hiyo ndiyo njia ya kuzifikia hoteli unazozitaka bila kutoa hata shilingi moja ya zile 2,700,000.